Uzani Hutoka kwenye Ngozi ya Ngoma

Ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri juu ya duara ikipigwa, hutetemeka kwa namna nyingi kwa wakati mmoja. Kila namna ina umbo lake na kasi yake, na sauti tunayoisikia ni jumla ya zote. Anayetaka kujua jumla hiyo imeundwa vipi lazima aweze kuitenga kila namna na kuipima peke yake. Kinachomwezesha kufanya hivyo ni sifa moja ya maumbo hayo: ni othogonali, yaani yamesimamiana kama mistari miwili kwenye pembe mraba, kiasi kwamba kipimo cha moja hakigusi jingine.

Tuchukue ngozi yenye unene uleule kila mahali na nusukipenyo cha 1, na tuangalie mitetemo inayolingana pande zote za kitovu tu. Umbo φ hutegemea basi umbali r kutoka katikati, nalo hutii mlinganyo huu:

```
(r φ′)′ + λ r φ = 0
```

Alama ya φ′ ni mteremko wa ngozi, na λ ni mraba wa kasi ya mtetemo katika vipimo tulivyochagua. Masharti ni mawili. Ukingoni ngozi imefungwa, kwa hiyo φ(1) = 0; katikati umbo na mteremko wake havipasuki kwenda kusiko na kikomo. Masharti hayo yanakubali thamani fulani tu za λ, zinazoitwa thamani maalumu, na maumbo yake huitwa fonksheni maalumu. Hapa maumbo ni J0(αr), fonksheni ya Bessel, ambapo α ni 2.4048, 5.5201, 8.6537 na kuendelea, na λ ni mraba wa α.

Sasa chukua maumbo mawili, φ₁ na φ₂, yenye thamani tofauti λ₁ na λ₂. Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa φ₂, wa pili kwa φ₁, kisha toa mmoja kwa mwingine. Upande wa kushoto hujikusanya kuwa badiliko la kitu kimoja:

```
[ r (φ₁′ φ₂ − φ₂′ φ₁) ]′ = (λ₂ − λ₁) r φ₁ φ₂
```

Jumlisha pande zote mbili kutoka r = 0 hadi r = 1. Jumla ya mabadiliko ni tofauti ya mwisho na mwanzo tu, kwa hiyo kilichomo ndani ya ngozi hakina kauli tena; zinaulizwa ncha mbili peke yake. Ukingoni φ₁ na φ₂ zote ni sifuri, basi mabano ni sifuri. Katikati kizidishi r chenyewe ni sifuri na miteremko ina kikomo, basi mabano ni sifuri pia. Kushoto hakuna kilichobaki. Kulia, λ₂ − λ₁ si sifuri, kwa hiyo jumla ya r φ₁ φ₂ ndiyo inayolazimika kuwa sifuri.

Mlinganyo na masharti yanayozifuta ncha kwa namna hii huitwa vyenye kujioanisha. Jina hilo linahusu mlinganyo pamoja na mipaka yake, na hapo wanafunzi wengi hujikwaa. Mlinganyo huuhuu una jibu jingine ambalo karibu na katikati hufuata logariti ya r. Mteremko wake hukua kama 1/r, na ukiuzidisha kwa r hupati sifuri. Sharti la katikati lipo ili kulifungia nje jibu hilo; bila sharti hilo hoja nzima huanguka.

Tazama sasa kilichojitokeza bila kualikwa. Kilichokuwa sifuri ni jumla ya φ₁φ₂ iliyozidishwa kwa r. Kizidishi hicho ndicho uzani. Hakuna aliyekichagua: ndicho kilichosimama kando ya λ katika mlinganyo, na kilisimama pale kwa sababu ya umbo la ngozi. Pete nyembamba ya ngozi iliyo mbali na kitovu ina mzunguko mrefu, 2πr, kwa hiyo ina ngozi nyingi zaidi kuliko pete ya karibu. Uzani unahesabu ni kiasi gani cha ngozi kinatetemeka katika kila umbali.

Kuusahau kuna gharama inayopimika. Jumla ya r φ₁φ₂ kwa maumbo mawili ya kwanza ni sifuri kamili, lakini jumla ya φ₁φ₂ bila r ni karibu 0.196. Tuseme basi ngozi imesukumwa na hewa yenye shinikizo sawa kila mahali hadi ikachukua umbo f = 1 − r², kisha ikaachiwa. Tunataka kuliandika umbo hilo kama jumla ya c₁φ₁ + c₂φ₂ na kuendelea. Zidisha pande zote kwa r φ₁ na ujumlishe. Maumbo mengine yote hutoweka, hubaki hiki:

```
c₁ = ∫ r f φ₁ dr / ∫ r φ₁² dr
```

Jibu ni 1.108. Vizidishi vinavyofuata, c₂ na c₃, ni −0.140 na 0.045, na vinapungua haraka. Ukiacha r juu na chini, c₁ inakuwa 1.059. Ubaya wa kosa hili ni kwamba jibu linafanana na la kweli. Hakuna kitu kinacholipuka. Njia ya kulikamata ni kuipa kanuni yako swali ambalo jibu lake unalijua: weka f = φ₂. Kiasi cha φ₁ ndani ya φ₂ lazima kiwe sifuri. Kanuni isiyo na uzani inajibu 0.41.

Uzani hubadilika ngozi inapobadilika. Tabla, inayosikika pia katika taarab ya Mombasa, ina duara jeusi la uji uliokauka juu ya ngozi yake, ambalo huongeza uzito mahali lilipo. Mwanafizikia wa India C. V. Raman aliandika juu ya sauti ya ngoma za aina hiyo mwaka 1934. Kama uzito wa ngozi kwa eneo ni ρ(r), kando ya λ husimama rρ, na huo ndio uzani mpya. Maumbo ya ngozi tupu hayafai tena hapo.

Hata ukingo unaweza kubeba uzani. Tuseme ngozi haikufungwa bali imeshonwa kwenye pete nzito inayoweza kupanda na kushuka. Sharti la ukingoni linakuwa φ′(1) = mλφ(1), ambapo m inatokana na uzito wa pete. Kwa kuwa λ imeingia kwenye sharti lenyewe, mabano hayafutiki ukingoni, na jumla ya r φ₁φ₂ si sifuri tena. Kilicho sifuri ni hiki:

```
∫ r φ₁ φ₂ dr + m φ₁(1) φ₂(1) = 0
```

Pete ina uzito, nayo imehesabiwa mahali ilipo. Kwa hiyo kabla ya kuandika kanuni yoyote ya vizidishi, andika mlinganyo katika umbo lake la kujioanisha, soma kilicho kando ya λ, kisha kagua kila ncha.