Kebo ndefu kuliko zote na adui zake wawili

Treni ya umeme inayopita Kidete inatumia kilovolti 25 kutoka kwenye waya ulioning'inia juu ya reli. Waya wa hewani hauna shida ninayotaka kuisimulia. Shida huanza umeme unapoingizwa kwenye kebo, kama kile kipande kifupi ambacho kwa kawaida huuchukua kutoka transfoma ya reli na kuupandisha hadi kwenye waya. Humo mna kiini kimoja cha metali, kihami kinene juu yake, kisha ala ya metali, na mwisho ganda la plastiki. Ala hiyo ndiyo mzizi wa adui wote wawili.

Wa kwanza alijulikana London mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwenye kebo za Sebastian Ferranti za kilovolti 10 kutoka Deptford. Mafundi walikuta volteji ya mwisho wa safari ikiwa juu kuliko ya mwanzo. Kumbe kebo ni kapasita ndefu: kiini ni bamba moja, ala ni bamba la pili, na umeme wa AC huijaza na kuitoa kila mzunguko. Hata kama hakuna mteja aliyewasha taa, mkondo wa kuchaji unatembea.

Tuupime kwenye bahari yetu. Kebo ya kilovolti 132 iliyozinduliwa 2013 kutoka bara hadi Unguja ina urefu wa kilomita 37 na uwezo wa megawati 100, ambazo ni kama ampia 440. Tukichukua mikrofaradi 0.2 kwa kilomita, kiasi cha kawaida kwa kebo ya namna hiyo, kila kilomita inadai karibu ampia 4.8. Kwa safari nzima ni kama 177. Mikondo hii miwili haijumlishwi moja kwa moja, kwa kuwa imepishana robo ya mzunguko. Jumla inafika 474 tu. Kwa hiyo Unguja inapata umeme wake. Lakini kebo hiyohiyo ingefika kilomita 92 ikichajiwa upande mmoja, kujichaji kungekula ampia zote 440, na mteja asingepata kitu.

Ndiyo maana kebo ya AC ya kilomita 162 inayopeleka umeme kwenye jukwaa la mafuta la Martin Linge, Norwe, ilikuwa rekodi kubwa. Viking Link, kati ya Denmaki na Uingereza, ina kilomita 765, ila hiyo ni ya DC: ikishajaa mara moja haidai tena.

Adui wa pili hakuwasumbua sana wa Unguja, kwa kuwa viini vyote vitatu vimefungwa pamoja na sumaku zao hufutana. Kiini kikiwa peke yake, ala yake hukatwa na sumaku ya mkondo. Chukua ampia 600 kwenye kebo tatu zilizolazwa zikigusana kwa pembetatu: ala hupata kama volti 30 kila kilomita. Ukifunga ala kwenye erthi pande zote mbili, volti hizo hupata njia ya kuzunguka. Ala yenye omu 0.1 kwa kilomita itabeba kama ampia 270, na kuchoma kilowati 7 kila kilomita ya kila kebo, bure. Joto hilo hulazimu kupunguza mzigo wa kiini.

Kipande kifupi cha mita 200 hufungwa erthi upande mmoja tu. Upande wa pili hubaki na volti chache, na kizuizi cha volteji kinachosubiri radi au hitilafu. Kebo ndefu haiwezi hivyo, maana volti zingekua hadi za hatari. Ile ya Tokyo ya kilovolti 500, iliyoanza kazi mwaka 2000 ikiwa na kilomita 40, haina ujanja ila kubadilishana ala: njia hugawanywa mafungu ya vipande vitatu vya urefu sawa, na kwenye kila kiungo kati ya vipande hivyo ala ya kebo A huunganishwa na ya B, ya B na ya C, ya C na ya A. Mwishoni mwa kila fungu ala moja imepita chini ya awamu zote tatu, na volti zao hufutana.

Hapo ndipo kosa dogo huharibu kazi nzima. Fundi akigeuza waya mmoja ndani ya kisanduku cha viungo, au kisanduku kikijaa maji, volti hazifutani. Kiini bado hupitisha umeme, taa zinawaka, hakuna anayelalamika. Njia ya kugundua ni kubana klempu mita kwenye waya wa kila ala: mfumo uliofungwa vizuri husoma ampia chache, ukikosewa husoma mamia. Ganda la nje nalo hujaribiwa kwa DC ya kilovolti 10 kwa dakika moja kebo ikishalazwa, maana tundu moja la sururu linatosha kuipa ala erthi ya pili ambayo haikupangwa.