Mwalimu asipokuwepo, monita aseme nini?

Sehemu ya tatu ya makala za kazi ya darasani

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia kazi ambayo mwalimu huiacha anapopata udhuru. Sasa tuiangalie karatasi ndogo anayopewa monita ili awatangazie wenzake. Walimu wengi hawaiandiki. Humwita monita koridoni, wakamwambia kwa haraka, "Waambie sipo, wafanye zoezi," kisha wakaondoka. Monita huingia darasani, akasimama mbele na kusema, "Jamani, mwalimu hayupo." Kabla hajafika kwenye zoezi, nusu ya darasa imeshainuka kwenye viti.

Hapo kosa si la monita. Mwanafunzi akisikia kwamba mwalimu hayupo na sentensi ikaishia hapo, anaelewa kwamba na kipindi hakipo. Maelezo ya zoezi yatakayofuata yatazamishwa na kelele. Kwa hiyo udhuru wa mwalimu na kuwepo kwa kipindi vikae katika sentensi moja, na monita asipumzike katikati.

Tuchukue mfano wa Kidato cha Pili, somo la Kiswahili. Mwalimu anaitwa kwenye semina wilayani Jumanne. Siku hiyo ana vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40 kila kimoja, kuanzia saa 3:20 asubuhi hadi saa 4:40, wakati wa chai. Darasa limeshamaliza ngeli za nomino, kwa hiyo anaacha marudio. Kamwe asiache mada mpya, maana monita ni mwanafunzi kama wengine na hana la kujibu akiulizwa. Jumatatu jioni anaandika hivi:

"Wenzangu, naomba tusikilizane. Leo mwalimu wa Kiswahili ana udhuru na kipindi chetu kipo kama kawaida. Ametuachia maswali matano, nayaandika ubaoni sasa hivi. Swali la 1 mpaka la 4 kila mtu anafanya peke yake, mpaka saa 4:00. Swali la 5 tunafanya pamoja, dawati kwa dawati. Saa 4:30 nakusanya madaftari nayapeleka ofisini. Ukikwama, andika swali lako pembeni ya daftari, mwalimu atalijibu Alhamisi."

Ukiyasoma maneno hayo kwa utulivu hayafiki dakika moja, na yakizidi hapo darasa litaanza kunong'ona. Ndiyo maana maswali yenyewe hayamo ndani ya tangazo. Yamo nyuma ya karatasi, na monita anayanakili ubaoni: kupanga nomino kumi katika ngeli zake, kuzitungia sentensi za umoja, kuzigeuza sentensi hizo ziwe za wingi, na kueleza kwa nini neno "kiongozi" linaanza na ki- lakini tunasema "kiongozi amefika" wala si "kiongozi kimefika". Swali la tano ni sentensi zenye makosa ya upatanisho wa kisarufi, ambazo wanafunzi wanaweza kubishana juu yake wakiwa wawili au watatu. Swali hilo limewekwa mwisho kwa makusudi. Likitangulia, mabishano yake hayatazimika, na maswali ya kufanya peke yako hayatafanyika tena.

Angalieni kwamba tangazo limetaja Alhamisi, halikusema "kesho" wala "keshokutwa". Mwalimu anaandika Jumatatu, monita anasoma Jumanne. "Keshokutwa" ya mwandishi ni Jumatano, ya msomaji ni Alhamisi, na darasa zima litabaki linabishana ni lini madaftari yatarudi. Kwa sababu hiyohiyo maswali yanaandikwa ubaoni badala ya kutaja ukurasa wa kitabu. Mahali ambapo wanafunzi wanachangia vitabu, na pengine vya matoleo tofauti, ukurasa wa 47 wa mmoja si ukurasa wa 47 wa mwenzake.

Sababu ya udhuru isiandikwe. Awe ana msiba, ana homa au yuko kwenye semina, wanafunzi wanahitaji kujua tu kwamba ana udhuru. Sababu ikitajwa, dakika kumi za mwanzo zitakuwa za kuijadili, na mwalimu atarudi kukuta habari zake zimeshanenepa. Vitisho pia visiwemo. "Asiyefanya atakiona" ni maneno ambayo monita hana uwezo wa kuyatimiza, na wenzake wanalijua hilo vizuri kuliko yeye. Ndiyo maana tangazo linasema "tunafanya" na "ametuachia", ili monita abaki mjumbe aliye na zoezi hilohilo la kulimaliza.

Karatasi ikishaandikwa, mwalimu aitie saini na tarehe, nakala moja aiache kwa mwalimu wa taaluma. Saini ina kazi yake. Mwalimu wa darasa la jirani akisikia kelele na kuingia kuuliza, monita haanzi kujieleza, anaonyesha karatasi. Vilevile mwalimu amwambie monita aisome kwa sauti mbele yake mara moja. Binafsi naliona hili kuwa na faida kuliko maelezo mengine yote, kwa sababu mahali anapojikwaa monita katika kusoma ndipo wenzake watakapojikwaa katika kuelewa. Hapo mwalimu anabadilisha neno palepale, kwa kalamu.

Inabaki jarida la vipindi, lile ambalo monita hulibeba ili walimu wasaini. Monita asiache nafasi hiyo wazi, na asimwombe mwalimu asaini siku ya pili kana kwamba alikuwepo. Aandike kwa kifupi: "Mwalimu ana udhuru. Kazi ya marudio, ngeli, maswali 5. Madaftari yamekusanywa." Mwalimu wa taaluma akisoma hapo anapata picha halisi ya kipindi.

Alhamisi mwalimu atajua tangazo lilifika vipi kwa kuyafungua madaftari. Ikiwa wengi wameishia swali la tatu, maswali yalikuwa mengi kuliko muda, au monita alitumia dakika ishirini kuyanakili. Ikiwa wengine wamefanya swali la pili wakaruka la tatu, maelezo yake hayakueleweka. Ikiwa majibu ya swali la kwanza yanafanana neno kwa neno katika dawati zima, ile "kila mtu peke yake" haikusikika, na safari ijayo iandikwe ubaoni juu ya maswali. Na ikiwa hakuna hata mmoja aliyeandika swali pembeni, mwalimu asifurahi haraka. Huenda maneno hayo hayakusomwa kabisa.

Kuna siku mwalimu huamka na homa na hakuna karatasi. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo anampigia mwalimu mwenzake aliye ofisini, naye anaandika atakayotajiwa na kumpa monita. Kama hata hilo limeshindikana, monita anahitaji maneno ya akiba, ambayo mwalimu amempa tangu mwanzo wa muhula: "Wenzangu, mwalimu hajafika na kazi yake bado haijanifikia. Naenda kumuuliza mwalimu wa taaluma. Kwa sasa tufungue zoezi la mwisho tulilosahihishiwa, kila mtu arudie aliyokosa." Kisha aende kweli, amwachie msaidizi wake darasa, na akirudi awaambie wenzake alichojibiwa, hata kama jibu ni kwamba waendelee hivyohivyo mpaka kengele.

Wiki ijayo tutaona namna ya kuyarudisha madaftari 60 kwa kipindi kimoja bila kula muda wa mada mpya.