Betri Mbili: Zifuatane au Zikae Sambamba?

Ndugu Mkulima, chukua tochi yako ya mawe mawili uifungue. Utaona kwamba kichwa cha jiwe la nyuma kinagusa kitako cha jiwe la mbele. Kila jiwe lina volti 1.5, na glopu inapata volti 3. Huko ndiko kuunga betri kwa mfuatano. Sasa ukitoa jiwe moja lililokwisha, ukatia moja jipya na kuliacha lile jingine la zamani, tochi itawaka vizuri jioni moja au mbili, kisha itafifia. Baada ya hapo utakuta jiwe la zamani limevuja na kuharibu tochi. Watu wengi husema jiwe jipya lilikuwa bandia. Mara nyingi sivyo.

Nimeanza na tochi kwa sababu jambo hilo hilo, kwa gharama kubwa zaidi, lilimpata mkulima mmoja wa skimu yetu aliyekuja ofisini akiwa na hasira. Alikuwa na betri ya sola ya volti 12, yenye ujazo wa ampea-saa 100, ambayo ilikuwa imewasha taa za nyumba yake kwa miaka minne. Kisha akanunua pampu ya kuteka maji ya ng'ombe na mboga, na pampu hiyo inataka volti 24. Akanunua betri mpya, nayo ya volti 12 na ampea-saa 100, akaiunga na ile ya zamani kwa mfuatano. Wiki za kwanza pampu ilifanya kazi. Mwezi wa pili ikawa inachoka kabla tangi halijajaa.

"Karani," aliniambia, "nimeuziwa betri mbovu."

"Mzee," nikamjibu, "tuzipime kwanza, moja moja."

Kabla sijakueleza tulichokiona, yafaa uelewe hesabu yenyewe. Ukiunga betri mbili kwa mfuatano, yaani ncha ya kujumlisha ya moja kwa ncha ya kutoa ya nyingine, volti zinajumlishwa: 12 na 12 ni 24. Lakini ujazo haujumlishwi. Unabaki ampea-saa 100, maana umeme ule ule unaotoka katika betri moja ndio unaopita katika nyingine. Ni kama mfereji mmoja unaopita katika malango mawili: maji hayawezi kuzidi yale yanayopita katika lango lililo jembamba.

Ukiziunga sambamba, yaani ncha za kujumlisha pamoja na ncha za kutoa pamoja, volti zinabaki 12, bali ujazo unakuwa ampea-saa 200. Hapo ni kama matangi mawili yaliyounganishwa kwa bomba chini: kimo cha maji ni kimoja, lakini maji ni mengi zaidi. Usidhani njia moja inakupa umeme mwingi kuliko nyingine. Zidisha 24 kwa 100, kisha zidisha 12 kwa 200. Jibu ni 2,400 mara zote mbili.

Basi tukaenda shambani na mita ya volti. Pampu ilikuwa ikitumia ampea 10. Baada ya saa mbili betri mpya ilionyesha volti 12.3, na ya zamani volti 11.0. Katika saa ya tatu mpya ilikuwa 12.2, na ya zamani imeshuka hadi 9.8. Jumla yake ni volti 22. Kidhibiti cha pampu kimewekwa kuzima jumla ikifika 21, kwa hiyo hakikuzima. Kidhibiti huona jumla tu. Hakijui kwamba betri moja ina nguvu bado na mwenzake amekwisha kabisa. Ile ya zamani haikuwa na ampea-saa 100 tena, ingawa ndivyo ilivyoandikwa ubavuni. Ilikuwa imebaki na kama 30 hivi.

Siku ya pili tukapima saa sita mchana, paneli zikichaji. Kila betri ingepasa kuwa na karibu volti 14.4, jumla 28.8. Mpya ilikuwa 13.3 na ya zamani 15.3. Kwa kuwa ujazo wake ni mdogo, ile ya zamani ilijaa mapema, ikaanza kutokota na kupoteza maji yake. Kidhibiti kilipoona jumla inakaribia 28.8 kikapunguza chaji, na betri mpya ikaachwa haijashiba. Betri ya risasi na asidi inayolala na njaa kila siku hushika ukoko mweupe katika bamba zake, na ujazo wake hupungua. Kwa hiyo betri ya zamani ilikuwa inauawa kwa shibe, na mpya kwa njaa, siku ile ile na kwa waya ule ule. Mwuzaji hakuwa na kosa.

Utauliza: je, angeziunga sambamba angepona? Kwa sehemu, ndiyo. Betri zilizo sambamba hulazimika kuwa na volti sawa, na kila moja hutoa kwa kadiri ya nguvu yake. Ile dhaifu hutoa kidogo, yenye nguvu hutoa zaidi, wala hakuna inayosukumwa chini ya sifuri. Lakini pampu yake haiendeshwi kwa volti 12. Tena, kazi ile ile kwa volti 12 ingetaka ampea 20 badala ya 10, na waya ule ule ungepata joto mara nne. Ndiyo sababu pampu za mbali na nyumba hupendelea 24.

Sambamba nayo ina hatari yake. Ndani ya betri ya volti 12 mna vyumba sita vya volti 2 hivi, navyo vimeungwa kwa mfuatano. Chumba kimoja kikipatwa na shoti, betri ile yataka kukaa karibu volti 10.5, na mwenzake mzima atamwaga umeme ndani yake usiku kucha. Dalili yake ni betri moja kuwa na joto asubuhi wakati hakuna kilichowashwa. Kwa hiyo tia fyuzi katika ncha ya kujumlisha ya kila betri, na uzichaji kila moja peke yake hadi zijae kabla ya kuziunga. Kisha chukua waya wa kujumlisha kutoka betri ya kwanza na wa kutoa kutoka betri ya mwisho, ili betri ya karibu isifanye kazi yote.

Yule mzee alinunua betri nyingine ya aina na ukubwa ule ule wa ile mpya, maana ilikuwa imetumika miezi miwili tu. Tulizichaji mbalimbali, moja moja, hadi zote zikajaa, ndipo tukaziunga kwa mfuatano. Ya zamani imepewa paneli yake ndogo, inawasha taa mbili za banda la kuku. Nilimwomba apime kila betri peke yake mara moja kwa mwezi, pampu ikiwa inafanya kazi na tena wakati wa chaji. Zikitofautiana kwa nusu volti, azitenganishe na kuchaji ile iliyo chini peke yake. Mara ya mwisho nilipopita, mita ilionyesha 12.4 na 12.3, na tangi lilikuwa linafurika.