Safaya Nyeupe, Topazi Nyeupe na Zirkonia: Ipi Inaikaribia Almasi?

Mwanga unapoingia ndani ya almasi, mwendo wake hupungua mara 2.42 ukilinganishwa na mwendo wake hewani. Karibu kila kinachopendwa katika kito hicho kinatokana na namba hiyo. Inapokuwa kubwa, mwanga hupinda zaidi, uso wa juu wa jiwe huurudisha mwingi zaidi, na ule ulioingia ndani hupata shida kutorokea chini. Katika zirkonia namba hiyo ni takribani 2.16, katika safaya nyeupe ni 1.77, na katika topazi nyeupe ni 1.62. Kioo cha kawaida cha dirisha kina kama 1.52. Kwa hiyo hata kabla ya kuliona jiwe lenyewe inafahamika kuwa zirkonia ni jirani wa almasi, na topazi ni jirani wa kioo.

Asili zao ni tofauti. Safaya nyeupe ni madini yaleyale ya rubi na safaya ya bluu, ila haina chembechembe zinazoitia rangi. Tanzania hutoa safaya huko Tunduru na katika bonde la Umba mkoani Tanga, lakini nyingi ni za rangi. Isiyo na rangi hutafutwa zaidi Sri Lanka. Safaya hutengenezwa pia kiwandani, na ndiyo inayotumika kama kioo cha saa za bei kubwa. Iliyotengenezwa ni safaya kamili kwa ugumu na kwa mmeto, ila bei yake ni ndogo sana, na muuzaji mwaminifu husema ni ipi anayouza. Topazi nyeupe huchimbwa kwa wingi Brazili na Nijeria, na wingi huo ndio unaoifanya iwe rahisi. Topazi nyingi ya bluu iliyomo madukani ilianza ikiwa nyeupe, kisha ikapigwa mionzi na kupashwa moto.

Zirkonia ya dukani, ambayo lebo huiandika CZ, haichimbwi. Ni oksidi ya metali ya zirkoniamu iliyoyeyushwa, na tatizo lake la kwanza lilikuwa chombo: unga wake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 2,700 hivi za Selsiasi, na vyungu vya kawaida haviwezi kuhimili joto hilo. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa Taasisi ya Lebedev mjini Moscow walikamilisha njia ya kuuyeyusha unga huo kwa mawimbi ya redio, ndani ya uzio wa mabomba ya shaba yanayopitisha maji baridi. Unga wa kati huyeyuka, ule wa pembeni hubaki mgumu kwa sababu ya baridi ya mabomba, na tabaka hilo ndilo linalogeuka kuwa chungu. Huongezwa oksidi ya itriamu au ya kalsiamu ili fuwele zisibadili umbo zinapopoa. Kuanzia mwaka 1976 mawe hayo yalianza kutengenezwa kwa ajili ya biashara.

Namna namba hizo zinavyofanya kazi kidoleni huonekana vizuri katika mfano wa pete nne, kila moja ikiwa na jiwe la mviringo lenye upana wa milimita 6.5, ambao ni upana wa almasi ya karati 1 iliyokatwa vizuri. Tuseme nyuso za chini za mawe yote zina mteremko wa nyuzi 41, kama ilivyo kwa almasi. Mwanga unaoshuka wima kupitia juu utazigonga nyuso hizo kwa pembe hiyohiyo ya nyuzi 41. Hapo kila jiwe lina mpaka wake: mwanga ukigonga kwa pembe inayozidi mpaka hurudishwa wote ndani, na ukigonga kwa pembe ndogo zaidi, sehemu yake huvuja. Mpaka wa almasi ni nyuzi 24, wa zirkonia 28, wa safaya 34, na wa topazi 38. Wote wanne wanafaulu, lakini topazi inafaulu kwa nyuzi 3 tu. Mkono ukiinama kidogo, pembe hubadilika na mwanga huanza kutokea chini. Katikati ya jiwe hutokea sehemu tupu, ambayo mtu anaweza kuona ngozi ya kidole kupitia kwake. Mkataji hodari huiongezea topazi mteremko ili kuipunguza kasoro hiyo, ila mawe ya bei ya chini hukatwa kwa haraka na kasoro hubaki.

Uso wa juu nao una sehemu yake. Almasi hurudisha papo hapo kama asilimia 17 ya mwanga unaoiangukia, zirkonia asilimia 13 au 14, safaya chini kidogo ya 8, na topazi chini ya 6. Ndiyo maana safaya nyeupe, hata ikiwa safi na imekatwa vyema, huonekana tulivu, yenye weupe wa fedha usio na makeke. Wapo wanaoupenda utulivu huo, na hawana kosa. Anayetarajia almasi ndiye anayevunjika moyo.

Kuna pia zile cheche za rangi, nyekundu, bluu na kijani, zinazorukaruka jiwe linapotikiswa chini ya taa. Hizo hutokana na jiwe kuutenganisha mwanga mweupe katika rangi zake, na hapa zirkonia huipita almasi yenyewe: kipimo chake ni kama 0.060 dhidi ya 0.044 za almasi. Safaya ina 0.018 na topazi 0.014, kwa hiyo cheche zao ni chache. Wingi wa rangi wa zirkonia ndio unaoisaliti. Katika jiwe dogo la hereni hakuna anayegundua, lakini katika jiwe pana la pete rangi huzidi hadi mtu mwenye jicho zoefu akatambua akiwa mbali.

Yote hayo yanahusu jiwe safi, na jiwe la pete halikai safi. Mafuta ya nazi, losheni, sabuni na mafuta ya kupikia huingia chini ya jiwe na kuganda kwenye nyuso za mteremko, mahali ambapo brashi haifiki kwa urahisi. Mafuta hupinda mwanga kuliko hewa, na yakigusa jiwe mpaka wa kuvuja hupanda. Mpaka wa almasi hupanda hadi nyuzi 37, bado chini ya ile 41, kwa hiyo almasi yenye mafuta huendelea kurudisha mwanga ulioshuka wima. Ule wa zirkonia hufika nyuzi 43, na jiwe huanza kuvuja. Wa safaya hufika 56, na wa topazi 65. Hii ndiyo sababu kubwa ya malalamiko kwamba jiwe lilimeta dukani na baada ya wiki tatu likawa kama kipande cha chupa. Mara nyingi jiwe halijaharibika hata kidogo. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini unaopitishwa kutoka upande wa nyuma hurudisha mng'ao wote, na kwa safaya au topazi inayovaliwa kila siku kazi hiyo inafaa kufanywa kila wiki.

Kwa uimara mambo yanageuka. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa uwezo wa kukwaruzana, almasi ina 10, safaya 9, topazi 8, na zirkonia kati ya 8 na 8.5. Ngazi za kipimo hicho hazilingani: kutoka safaya hadi almasi ni mruko mkubwa kuliko kutoka topazi hadi safaya. Mchanga na vumbi hubeba chembe za kwazi zenye ugumu wa 7, hivyo yote matatu yako juu yake. Tofauti huonekana kwa miaka. Safaya iliyovaliwa muda mrefu huwa bado na kingo kali kati ya uso na uso. Kingo za zirkonia huanza kulika, zikawa butu na zenye mikwaruzo midogo, na mmeto wake hufifia kwa namna ambayo sabuni haiwezi kuirudisha. Husemwa kwamba zirkonia hugeuka njano. Jiwe lenyewe kwa kawaida halibadiliki, kinachobadilika ni rangi ya dhahabu iliyopakwa juu ya pete ya shaba au fedha, pamoja na uchafu ulioganda chini.

Topazi ina udhaifu ambao ugumu wake hauuonyeshi. Fuwele yake ina upande mmoja ambao hupasuka kwa urahisi, kama gogo linavyopasuka kufuata nyuzi zake. Pigo moja kwenye ukingo wa sinki, likiangukia upande huo, linaweza kuligawa jiwe mara mbili na kuacha uso laini kama uliokatwa. Kwa sababu hiyo topazi haiwekwi kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo, na sonara anayepanua pete kwa moto hulitoa jiwe kwanza, kwa kuwa joto la ghafla nalo hulipasua. Safaya haina mpasuko wa namna hiyo na huvumilia vishindo vizuri. Almasi, pamoja na sifa zake zote, ina pande za kupasukia, jambo ambalo wauzaji wake hawalitaji sana.

Kutofautisha mawe haya hakuhitaji maabara. Jiwe ambalo bado halijafungwa likipimwa kwenye mizani, zirkonia hujitaja yenyewe: ile ya milimita 6.5 huwa na uzito wa karati 1.6 hivi, badala ya 1 ya almasi. Lebo inayosema CZ ya karati 1 kwa kawaida humaanisha ukubwa wa almasi ya karati 1, si uzito. Topazi mizani haiitambui, kwani uzito wake kwa ujazo unakaribia kabisa ule wa almasi. Lakini topazi ikigeuzwa kifudifudi juu ya gazeti, herufi mara nyingi huonekana kupitia kwake, wakati chini ya almasi ya mviringo hazisomeki. Jiwe likipuliziwa pumzi, ukungu hutoweka karibu mara moja juu ya almasi, ambayo hupitisha joto kwa kasi kubwa, na hubaki kwa sekunde kadhaa juu ya zirkonia.

Kwa hereni, kidani au pete ya sherehe, ambazo hazigongwi wala kusuguliwa kila siku, zirkonia inatosha, na ndiyo inayofanana zaidi na almasi kwa bei ndogo kuliko zote. Kwa pete ya ndoa isiyovuliwa, safaya ndiyo inayodumu, na ile ya kiwandani huokoa fedha bila kupoteza uimara. Mvaaji akubali tu mmeto wake wa upole. Topazi hubaki kwa anayetaka jiwe lililotoka ardhini kwa bei nafuu, na mahali pake ni sikioni au shingoni. Ikilazimika kuwa pete, ifungwe kwa ukingo wa metali unaolizunguka jiwe lote, si kwa kucha nne zinazoacha ubavu wake wazi.