Ukumbi Kasulu, Watu 36: Namna ya Kuomba Bei Isiyogeuka

Wenzangu wa ualimu, msimu wa mazoezi ya kufundisha unatutawanya. Wengine wapo Kasulu mjini, wengine Kibondo, wengine vijijini huko ambako basi ni moja kwa siku. Katikati ya msimu tunataka kukutana siku mbili, tusahihishane maandalio ya masomo. Hela yenyewe ni michango inayotoka kwenye bumu. Jukumu la kuwaandikia wenye hoteli nimepewa mimi, kwa hiyo naeleza hapa namna barua hiyo inavyokaa. Mwaka ujao atapewa mwingine.

Hali ya huku kwetu ina namna yake. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo wilayani Kasulu tangu 1996, na Nduta iliwekwa Kibondo. Kwa miaka mingi mashirika yamekuwa yakifanya semina zao katika miji hii midogo, na hoteli zimezoea mteja anayeandika vizuri na kulipa kupitia benki. Ukipiga simu ukauliza tu, "Ukumbi bei gani?", utatajiwa bei ya mdomo. Siku ya siku bei hiyo inaweza kuwa nyingine, nawe huna karatasi ya kuonyesha. Semina nyingi za mashirika huwa siku za kazi, ndiyo maana sisi tunaomba Jumamosi na Jumapili. Hapo ndipo mtu anaweza kukupunguzia.

Tuanze na tarehe, maana Kiswahili chetu kina mtego. Ukiandika "usiku wa Jumamosi", mmoja anaelewa usiku unaoanza Jumamosi jioni, mwingine anaelewa ule unaoishia Jumamosi asubuhi. Andika "usiku wa kuamkia Jumamosi na usiku wa kuamkia Jumapili, jumla usiku 2", kisha taja tarehe ya kuingia na ya kutoka. Saa nayo ina mtego wake. Hoteli ikiandika kuwa wageni wanaingia 2:00, hiyo ni saa 8 mchana, siyo saa 2. Katika barua weka zote: "saa 8 mchana, yaani 14:00". Watu wa Kibondo wakifika Ijumaa jioni kwa basi haina shida, ila wakifika asubuhi watakaa na mabegi nje.

Idadi nayo haiwi moja. Katika mfano wetu tupo 36, lakini 12 wanakaa Kasulu na watarudi makwao jioni. Wanaolala ni 24: wanawake 14 na wanaume 10. Kwa vyumba vya watu wawili, hivyo ni vyumba 7 na vyumba 5, jumla 12. Usiandike "chumba cha dabo" ukaishia hapo, kwa sababu kwa wengi dabo ni kitanda kimoja kikubwa. Andika "chumba chenye vitanda viwili". Pia uliza mapema kama wanaruhusu watu wawili wa jinsia moja chumba kimoja. Baadhi ya nyumba za wageni haziruhusu kabisa, na ukilijua hilo mapokezini saa 2 usiku, bajeti ya vyumba 12 inakuwa ya vyumba 24.

Halafu mpangilio wa ukumbi. Mwenye ukumbi akisema "unaingiza watu 50", anahesabu viti vilivyobanana kama kwenye mkutano wa hadhara. Sisi tunaandika, kwa hiyo tunahitaji meza. Kwa makadirio, mtu mwenye kiti tu huhitaji karibu mita moja ya mraba, na mwenye meza mbele yake huhitaji karibu mbili. Ukumbi wa viti 50 unaweza kuchukua watu 25 hivi wenye meza. Kwa hiyo omba "watu 36, meza za vikundi vya watu 6, viti visizibe ubao", kisha omba urefu na upana wa ukumbi au nenda ukapime kwa hatua. Uliza pia kama projekta imo kwenye bei, na umeme ukikatika mafuta ya jenereta ni ya nani.

Sasa bei. Tuseme majibu yamekuja mawili. Namba hizi ni za kujifunzia, siyo za hoteli yoyote.

Hoteli ya kwanza: chumba 25,000, ukumbi 150,000 kwa siku, chai na chakula cha mchana 15,000 kwa mtu kwa siku. Vyumba 12 kwa usiku 2 ni 600,000. Ukumbi siku 2 ni 300,000. Chakula cha watu 36 kwa siku 2 ni 1,080,000. Jumla 1,980,000.

Hoteli ya pili: chumba 30,000 pamoja na kifungua kinywa, na 22,000 kwa mtu kwa siku ikijumuisha ukumbi, chai, chakula na maji. Vyumba 720,000, siku mbili za watu 36 ni 1,584,000. Jumla 2,304,000.

Macho yanakimbilia ya kwanza. Lakini chini kabisa imeandikwa "bila VAT". Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, kwa hiyo 1,980,000 inakuwa 2,336,400. Kifungua kinywa nacho hakimo: watu 24, asubuhi 2, 4,000 kila mmoja, ni 192,000, na kwa VAT ni 226,560. Jumla ya kweli ni 2,562,960. Hoteli ya pili imeshajumlisha kila kitu, hivyo ndiyo nafuu kwa 258,960. Ndiyo maana barua iombe "bei ya mwisho, kodi zote ndani", na kila huduma iandikwe kwenye mstari wake.

Hata hivyo, bei ya kwa kichwa ina upande wake mwingine. Ukithibitisha 36 wakaja 30, sita wasiokuja wanakugharimu 264,000 kwa siku mbili. Kwa hiyo uliza: idadi ya chini mtakayotutoza ni ngapi, na mwisho wa kuipunguza ni lini? Siku tatu kabla ni ombi la kawaida, kwani jikoni huwa hawajanunua vyakula.

Barua yetu inaisha hivi:

"Tunaomba ankara ya makadirio yenye jina la biashara na muhuri, na bei zisizobadilika kwa siku 14. Tunapendekeza kulipa asilimia 30 kuthibitisha nafasi, na kiasi kilichobaki siku ya pili baada ya kuhakiki idadi. Tafadhali tujulisheni masharti ya kurudishiwa malipo ya awali tukiahirisha, na mtatushikilia ukumbi hadi tarehe gani kabla ya malipo hayo. Tutahitaji risiti ya mashine ya EFD."

Malipo yaende kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la biashara lile lile lililo kwenye ankara. Ukiambiwa, "Kaka, tuma tu kwenye namba yangu hii," mjibu kwa heshima kwamba mhasibu wa chama hawezi kupokea hivyo. Na kama wamejibu kwa simu, wape shukrani zao, kisha watumie ujumbe ule ule kwa maandishi: "Kama tulivyoongea leo, bei ni hii, tarehe ni hizi." Wakijibu "sawa", una karatasi.