Sindano ya mama, kinga ya mtoto

Homa ya mafua si yale mafua ya kupenga kamasi tu. Mimba ikiwa kubwa, tumbo hubana mapafu na moyo huzidiwa kazi, hivyo mama hupata nimonia kwa urahisi zaidi. Mtoto naye hachanjwi homa hii kabla ya miezi 6. Pengo hilo huzibwa na mama: anachomwa sindano moja begani, na baada ya wiki 2 hivi ana kingamwili za kutosha, ambazo humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Wanaohofia kuambukizwa watulie, virusi vya sindano hiyo vimeuawa. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa 2008 ulionyesha watoto wa mama waliochanjwa waliugua homa hiyo pungufu kwa asilimia 63.