Tani Hewa Zinapogoma Kuisha

Tuchukue kampuni ya kubuni inayosafirisha saruji kwa malori. Ghala lake la Dar es Salaam lina tani 90, la Tanga lina tani 35. Wiki hii Arusha inataka tani zisizopungua 60, na Dodoma zisizopungua 50. Ukijumlisha, zilizopo ni 125 na zinazotakiwa ni 110, kwa hiyo meneja anaona ziada ya tani 15 na hana wasiwasi. Yapo masharti mengine mawili, lakini anayaona madogo: Tanga haipeleki mzigo Dodoma, na malori ya njia ya Dar–Arusha yanabeba tani 20 tu kwa wiki.

Anaingiza yote haya kwenye kompyuta na kuitaka impangie safari za gharama ndogo kabisa. Haimpi hata shilingi moja ya kujadili. Inaandika `INFEASIBLE`, yaani mpango hauwezekani, na inaishia hapo.

Wengi hudhani programu imeharibika. Ukweli ni kwamba imeshafanya hesabu kubwa, na jibu la kwa nini mpango umekwama limo ndani ya hesabu hiyo.

Mbinu inayotumika huitwa simpleksi. Mmarekani George Dantzig aliibuni mwaka 1947. Huanza na mpango mmoja unaotimiza masharti yote, kisha huhamia mwingine ulio nafuu zaidi, na mwingine tena, hadi nafuu iishe. Sasa huo mpango wa kwanza utatoka wapi? Kuanza malori yote yakiwa yameegeshwa hakufai, maana miji miwili haijapata kitu. Ndipo kazi inapogawanywa katika awamu mbili.

Awamu ya kwanza haiangalii gharama hata kidogo. Inaanza kwa uongo wa makusudi: kila mji unaandikiwa tani hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara na kazini hawaonekani. Arusha inapewa tani hewa 60, Dodoma 50, na kwenye karatasi kila sharti limetimia. Jumla ya tani hewa tuiite W. Kazi ya awamu hii ni kuishusha W hadi sifuri.

Tuifuate. Mwanzoni W ni 110. Dar inapeleka Dodoma tani 50 za kweli, W inashuka hadi 60. Tanga inapeleka Arusha tani zake zote 35, W inakuwa 25. Dar nayo inapeleka Arusha 20, malori yanajaa, W inabaki 5. Hapo inagoma. Mstari wa W kwenye jedwali la mwisho, tukiuandika kwa uwazi, unasoma hivi:

```
W = 5 + t + d + z + h
```

Herufi `t` ni saruji iliyobaki ghalani Tanga, `d` ni nafasi tupu kwenye malori ya Dar–Arusha, `z` ni tani ambazo Arusha ingepata juu ya 60, na `h` ni tani hewa za Dodoma. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoweza kuwa chini ya sifuri. Basi W haiwezi kamwe kushuka chini ya 5, upange malori utakavyo. Mstari huo mmoja ni ushahidi kamili, na yeyote anayejua kujumlisha anaweza kuuhakiki.

Kwangu mimi, utamu uko katika kusoma nani ametajwa. `h` imo kwa sababu tu ni sehemu ya W yenyewe, haina lawama. Wanaogongana ni watatu: ghala la Tanga, malori ya Dar–Arusha na mahitaji ya Arusha. Ghala la Dar halimo kabisa, na kweli bado lina tani 20 zimekaa. Meneja akinunua saruji zaidi ya kuweka Dar, W haitatikisika. Ama Tanga iongezewe tani 5, ama malori ya Dar–Arusha yaongezewe uwezo wa tani 5, ama Arusha ikubali 55. Lolote kati ya hayo likifanyika, W inafika sifuri, mpango wa kweli unapatikana, na awamu ya pili inaanza kuhesabu gharama.

Usomaji huu unafaa tu hesabu ikiwa imekwisha. W ilipokuwa 25 katikati ya safari haikuthibitisha lolote, kwa kuwa Dar ilikuwa bado na la kupeleka.

Kisha kuna suala la vipimo. Kompyuta hukadiria desimali, kwa hiyo programu nyingi huvumilia kosa dogo, mara nyingi karibu na 0.000001, na kulihesabu kama sifuri. Anayeandika mzigo kwa tani hana shida. Lakini akiandika kwa mamilioni ya tani, upungufu wa nusu tani unakuwa 0.0000005, na programu inaweza kuupitisha mpango ambao magunia kumi ya kilo 50 hayamo.